Safu ya Majina: Nafasi Kwanza, Herufi Kubwa Baadaye, Koma Mwisho

Mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa ana orodha mbili kwenye Excel. Moja ni ya wanachama, iliyojazwa na watu mbalimbali siku za usajili. Nyingine ni ya michango ya mwezi, iliyotolewa kwenye taarifa ya malipo ya simu. Anaiamuru Excel imtafute Juma Hamisi Mwinyi katika orodha ya pili kwa VLOOKUP, na jibu linalorudi ni #N/A, yaani hayupo. Lakini yupo. Mweka hazina anamwona kwa macho yake, mstari wa arobaini, jina lile lile, herufi zile zile.

Wengi wakifika hapa hudhani tatizo ni kwamba orodha moja imeandikwa kwa herufi kubwa na nyingine kwa ndogo. Sivyo. VLOOKUP haijali ukubwa wa herufi: kwake JUMA na juma ni kitu kimoja. Hata ukiziuliza seli mbili kama zinalingana kwa alama ya =, Excel itasema ndiyo; ni EXACT inayotofautisha kubwa na ndogo. Kinachoikwamisha ni nafasi. Nafasi uliyoiacha kwa kubofya kitufe kirefu cha kibodi ni herufi kama herufi nyingine, ila haina sura. Mtu aliyeandika jina akaacha nafasi moja mwishoni ameandika neno lingine kabisa kwa macho ya kompyuta.

Ndiyo maana kazi ya kusafisha majina ina mpangilio wake. Nafasi hutangulia, kwa kuwa ndizo zinazoharibu hesabu. Herufi kubwa na ndogo hufuata, kwa ajili ya macho ya wasomaji na heshima ya wenye majina. Kugeuza majina yaliyoanza na jina la ukoo likafuatiwa na koma huja baada ya hapo. Ukiuvuruga mpangilio huu, fomula zitafanya kazi lakini zitakuachia makosa madogo madogo ambayo ni magumu kuyaona.

Tuchukue orodha fupi yenye karibu kila aina ya uchafu ninaokutana nao katika orodha za kwetu. Majina ni ya mfano tu. Alama za nukuu nimeziweka ili nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni zionekane; ndani ya seli hazipo.

```
A2  "OTIENO,  grace achieng "
A3  "NG’ANG’A, PETER KAMAU"
A4  " juma hamisi mwinyi"
A5  "Mushi,Neema"
A6  "BIN SALIM, SAID"
A7  "Mwakyusa, Anna, Dkt."
```

Safu A usiiguse. Iache ilivyokuja, na makosa yake yote, maana ndiyo ushahidi pekee wa kile alichokiandika mwenye jina. Kazi yote ifanyike katika safu za pembeni, hatua moja kwa kila safu: B ya nafasi, C ya herufi, D ya koma, na kuendelea. Wapo wanaopenda kubana hatua zote ndani ya fomula moja ndefu inayojaza mstari mzima wa juu. Siwashauri. Jina likitoka bovu, huwezi kujua limeharibikia wapi. Safu zikiwa pembeni kwa pembeni, unasoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia na kuona jina linavyobadilika hatua kwa hatua.

Sasa nafasi. Fomula yake ni TRIM, na kazi yake ni kuondoa nafasi zote za mwanzoni na za mwishoni, kisha zile za katikati kuzipunguza ibaki moja tu kati ya neno na neno. Ukiandika =TRIM(A2) katika B2, zile nafasi mbili baada ya koma ya Otieno zinakuwa moja, na ile ya mwishoni inatoweka. Kwa mistari mingi hiyo inatosha.

Kwa Juma haitoshi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakadhani TRIM ni mbovu. Hesabu herufi za juma hamisi mwinyi: nne, nafasi, sita, nafasi, sita. Jumla ni 18. Mwulize Excel kwa =LEN(A4), atakujibu 19, na hapo hakuna cha ajabu, kwani kuna nafasi ya ziada mwanzoni. Lakini ukiandika =LEN(TRIM(A4)) naye akaendelea kusema 19, ujue ile nafasi si nafasi ya kawaida. Mwulize jina lake:

```
=UNICODE(LEFT(A4,1))
```

Nafasi ya kawaida hujibu 32. Hii itajibu 160. Namba 160 ni nafasi isiyokatika, ile inayotumika kwenye kurasa za mtandao na katika nyaraka ili maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. Mtu akinakili jina kutoka kwenye tovuti, kwenye barua pepe au kwenye faili la PDF, nafasi hiyo huja nayo. Kwa macho haina tofauti hata kidogo na nafasi ya kawaida, na TRIM haiitambui, kwa sababu yenyewe huondoa namba 32 peke yake. Dawa ni kuigeuza kwanza iwe nafasi ya kawaida, ndipo TRIM ipite.

Kuna mgeni mwingine wa kushughulikiwa hapo hapo. Mtu aliyebofya Alt na Enter ndani ya seli huacha alama ya kushuka mstari, namba 10. Wengi huiondoa kwa CLEAN, ambayo hufuta alama zisizoonekana kuanzia namba 0 hadi 31. Tatizo ni kwamba CLEAN hufuta bila kuacha kitu mahali pake. Kama mtu aliandika Grace, akashuka mstari, akaandika Otieno, CLEAN itakupa GraceOtieno, neno moja. Ni bora kuigeuza alama hiyo kuwa nafasi, kama ile ya kwanza. Kwa hiyo B2 iwe hivi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,
  CHAR(10)," "),UNICHAR(160)," "))
```

Isome kutoka ndani kwenda nje: katika A2, badilisha kila kushuka mstari kuwe nafasi, kisha badilisha kila nafasi isiyokatika iwe nafasi ya kawaida, mwishowe TRIM ipunguze zilizozidi. UNICHAR ipo katika Excel ya mwaka 2013 na kuendelea, na pia katika Google Sheets. Ukishaiandika katika B2, shika kile kidoa kidogo kwenye kona ya chini ya seli, ukiburute hadi mstari wa mwisho.

Ishara moja ya haraka ya kujua kama orodha ina nafasi za mwanzoni, hata kabla ya kuandika fomula yoyote, ni kuipanga kwa alfabeti. Nafasi hutangulia herufi zote. Ukiona Juma amekaa juu ya Abdallah, umeshapata jibu.

Tuje kwenye herufi kubwa na ndogo. Excel ina fomula tatu za jambo hili: UPPER hufanya zote kubwa, LOWER hufanya zote ndogo, na PROPER huweka kubwa mwanzoni mwa kila neno na ndogo kwingineko. Kwa majina watu hukimbilia PROPER, na kwa OTIENO, grace achieng inatoa Otieno, Grace Achieng, safi kabisa. Ila PROPER haijui neno ni nini. Kanuni yake ni moja tu: herufi yoyote isiyotanguliwa na herufi nyingine iwe kubwa, zilizobaki ziwe ndogo. Nafasi si herufi, koma si herufi, nukta si herufi, kistari si herufi. Kanuni hiyo ndiyo inayoiwezesha kuandika j.k. kama J.K., na al-busaidy kama Al-Busaidy, bila kuelekezwa.

Lakini alama ya ritifaa nayo si herufi. Mpe PROPER jina la ng'ang'a, atakurudishia Ng'Ang'A. Mpe jina la mwandishi aliyetuandikia riwaya na tamthilia kwa Kiingereza na Kigĩkũyũ, atalifanya Ngũgĩ Wa Thiong'O. Nimeona majina ya namna hii kwenye vyeti vilivyochapishwa, kwenye vitambulisho vya mikutano, na kwenye barua za kuitwa kazini. Aliyeandaa hakukusudia kumdharau mtu, lakini mwenye jina akipokea cheti chake kikiwa na A kubwa mwishoni mwa jina la babu yake, anajua kwamba hakuna aliyelisoma kabla ya kulichapisha. Kwa orodha ya Afrika Mashariki, ambako ng' imo katika majina ya Wakikuyu, Waluo, Wakisii, Wakalenjini na wengine wengi, PROPER peke yake haifai.

Njia ya kuizuia ni rahisi. Kabla ya PROPER kupita, tunaiondoa alama ya ritifaa na kuweka mahali pake herufi ambazo haziwezi kupatikana katika jina la mtu yeyote. PROPER ikipita inaona herufi mfululizo, haina sababu ya kuweka kubwa katikati. Baada ya hapo tunairudisha alama. Mimi hutumia qzq, kwa kuwa sijawahi kuona jina lenye herufi hizo zikifuatana.

Kuna jambo moja la kuunganisha hapo. Alama ya ritifaa huja kwa sura mbili. Ile ya kibodi ya kompyuta imesimama wima, na namba yake ni 39. Ile ambayo simu nyingi na programu za kuandikia nyaraka huiweka zenyewe imepinda kama koma iliyoning'inizwa juu, na namba yake ni 8217. Kwa Excel hizo ni alama mbili tofauti, kwa hiyo Ng’ang’a wa kwenye simu na Ng'ang'a wa kwenye kompyuta hawalingani. Katika mfano wetu A3 ina ile iliyopinda. Fomula ya C2 inashughulikia zote mbili kwa pamoja:

```
=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(
  B2,UNICHAR(8217),"qzq"),"'","qzq")),"qzq","'")
```

Ifuate na mstari wa tatu. B3 ina NG’ANG’A, PETER KAMAU. Alama zikiondolewa inakuwa NGqzqANGqzqA, PETER KAMAU. PROPER ikipita inakuwa Ngqzqangqzqa, Peter Kamau. Alama zikirudishwa, zote zikiwa za wima, inakuwa Ng'ang'a, Peter Kamau. Orodha nzima sasa ina sura moja ya alama, na VLOOKUP haitakwama tena hapo.

Fomula hii ina gharama yake, nayo ni vizuri kuijua. Kama orodha ina Mwairishi anayeitwa O'Brien, itamwandika O'brien, kwa kuwa kwake alama hiyo hufuatwa na herufi kubwa. Unaweza kuifanya fomula ibadilishe alama pale tu inapofuata ng, na O'Brien akasalimika:

```
=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(
  LOWER(B2),"ng'","ngqzq")),"qzq","'")
```

LOWER imewekwa kwa sababu SUBSTITUTE, tofauti na VLOOKUP, inatofautisha kubwa na ndogo. Bila LOWER isingeiona NG'. Toleo hili linaitambua ile alama ya wima tu, kwa hiyo iliyopinda lazima iwe imebadilishwa mapema. Na hata hivyo silichagui kwa orodha za kwetu. Pwani na visiwani kuna watu wanaoandika Sa'id na Ma'alim, na toleo la pili lingewafanya Sa'Id na Ma'Alim. Katika orodha ya chama cha Mombasa au Tanga, akina Sa'id watakuwa wengi kuliko akina O'Brien. Toleo la kwanza linawahudumia wengi, na huyo mmoja anarekebishwa kwa mkono.

Sasa koma. Mtindo wa kuandika jina la ukoo, koma, kisha majina mengine, umetokana na mifumo inayopanga watu kwa jina la ukoo: rejista za vyuo, maktaba, hospitali, fomu za pasipoti. Faili likitoka huko huja na Otieno, Grace Achieng, wakati orodha yako nyingine ina Grace Achieng Otieno. Tunataka zote ziwe kwa mtindo wa pili.

Kazi ni kutafuta koma ilipo, kuchukua kilicho baada yake, kukifuatisha na nafasi, kisha kilicho kabla yake. FIND hutupa mahali pa koma. Katika Otieno, Grace Achieng koma ni herufi ya saba. MID huchukua kuanzia herufi ya nane na kuendelea. LEFT huchukua herufi sita za mwanzo. D2 ni hii:

```
=IFERROR(TRIM(MID(C2,FIND(",",C2)+1,200)
  &" "&LEFT(C2,FIND(",",C2)-1)),C2)
```

Ile 200 ni kuiambia MID ichukue hadi herufi 200, yaani zote zilizobaki, kwa kuwa jina refu kuliko hapo ni nadra sana. TRIM imezunguka kila kitu kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya koma mara nyingi kuna nafasi, nayo ingebaki mwanzoni mwa jina jipya. Pili, wapo wanaoandika Mushi,Neema bila nafasi, na wanaoandika Mushi , Neema wakaiweka kabla. Kwa kuwa TRIM inapita mwisho, zote tatu zinatoka Neema Mushi.

IFERROR ipo kwa ajili ya watu kama Juma, ambaye jina lake halina koma. FIND ikitafuta koma ikaikosa hutoa kosa la #VALUE!, na kosa hilo hujaza seli nzima. IFERROR inasema: kosa likitokea, liandike jina kama lilivyokuwa katika C. Juma Hamisi Mwinyi anapita bila kuguswa.

Mstari wa sita ndio unaoonyesha kwa nini hatua zina mpangilio. PROPER imemfanya Bin Salim, Said. Ukigeuza anakuwa Said Bin Salim. Lakini katika majina ya Zanzibar, ya Oman na ya pwani yote, bin huandikwa kwa herufi ndogo, na binti vivyo hivyo. Wa katika Ngũgĩ wa Thiong'o ni ndogo, na arap katika jina la Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya, ni ndogo. PROPER imeyapandisha yote. Tunayashusha katika safu E:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2,
  " Bin "," bin ")," Binti "," binti "),
  " Wa "," wa ")
```

Angalia nafasi zilizo ndani ya alama za nukuu, moja kabla ya neno na moja baada yake. Bila hizo, " Wa" ingemgusa Wanjiku, Wambui na Waweru, wote wakaanza na herufi ndogo. Nafasi hizo zinahakikisha kwamba kinachobadilishwa ni neno zima lililo katikati ya mengine. Na ndiyo sababu hatua hii inakuja baada ya koma, si kabla. Katika C6, Bin ilikuwa mwanzo kabisa wa seli, haina nafasi mbele yake, na fomula isingeiona. Baada ya kugeuza, Bin imekaa katikati, na inatoka Said bin Salim. Aliye na majina ya arap ataongeza SUBSTITUTE ya nne kwa mtindo ule ule.

Na ole ya Wamaasai? Hapo siwezi kukupa fomula. Wapo wanaoandika ole, wapo wanaoandika Ole, na wote wako sawa, kwa kuwa kila mmoja ndivyo anavyolitia saini jina lake. Hao waulizwe.

Kuuliza kunatupeleka kwenye safu ya mwisho, ambayo watu wengi huiruka na ambayo mimi naiona ni ya lazima. Fomula ya D inageuza jina lolote lenye koma, iwe koma hiyo ni ya jina la ukoo au la. Mstari wa saba una koma mbili: Mwakyusa, Anna, Dkt. Fomula itakata kwenye ya kwanza na kutoa Anna, Dkt. Mwakyusa. Si kosa linalopiga kelele. Linaonekana kama jina, na katika orodha ya watu mia nane hakuna atakayeliona. Kwa hiyo katika F2 tunahesabu koma:

```
=LEN(C2)-LEN(SUBSTITUTE(C2,",",""))
```

Inapima urefu wa jina, inapima urefu wa jina hilo koma zikiwa zimeondolewa, inatoa. Jibu likiwa 1, jina limegeuzwa na mara nyingi liko sawa. Likiwa 2 au zaidi, mtu alisome. Chuja safu F ubakize namba hizo, utaona ni mistari michache, na kila mmoja utaurekebisha kwa dakika moja.

Zinazohitaji uangalifu zaidi ni zenye 0, zile zisizo na koma. Fomula imeziacha kama zilivyo, ikichukulia kwamba ziko katika mpangilio sahihi. Lakini mtu anaweza kuwa ameandika OTIENO GRACE bila koma, kwa mazoea ya fomu za shule. Kompyuta haina namna ya kujua. Wewe unajua kwa kuwa Grace ni jina la ubatizo. Je, Juma Hamisi? Hamisi Juma? Majina yote mawili hupewa watoto na yote mawili huwa majina ya baba. Katika Tanzania, ambako wengi huandika jina lao, la baba na la babu, hakuna fomula inayoweza kutambua lipi limetangulia. Kwa hiyo usimgeuze mtu asiye na koma kwa kubahatisha. Mwache alivyo, mwekee alama, muulize siku ya mkutano.

Ukiridhika na safu E, inakili yote, kisha uibandike katika safu mpya kama maadili tu, si kama fomula. Kwenye Excel ni Paste Special, halafu Values. Bila hivyo, siku utakapofuta safu B au C ukidhani umemaliza nazo, majina yote yatageuka #REF! mbele ya macho yako. Kwenye Google Sheets fomula hizi zote hufanya kazi vile vile.

Kwa msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura ambaye Excel yake ni ya Kifaransa, hatua ni hizo hizo ila majina hubadilika: TRIM ni SUPPRESPACE, PROPER ni NOMPROPRE, SUBSTITUTE ni SUBSTITUE, FIND ni TROUVE, MID ni STXT, LEFT ni GAUCHE, IFERROR ni SIERREUR, LEN ni NBCAR. CHAR ni CAR, na UNICHAR ni UNICAR. Na badala ya koma kati ya sehemu za fomula huwekwa nukta mkato, isipokuwa ile koma iliyo ndani ya alama za nukuu, ambayo ndiyo inayotafutwa, na hubaki koma.

Majina yakishakuwa safi, VLOOKUP itampata Juma, na jambo jipya litajitokeza: majina yanayojirudia. Ukiandika =COUNTIF(E$2:E$800,E2) na kuiburuta chini, kila jina lenye jibu la 2 limo mara mbili. Baadhi ni mtu yule yule aliyesajiliwa mara mbili, mara moja kwa koma na mara moja bila. Baadhi ni watu wawili kweli. Akina Juma Hamisi na akina Peter Kamau wawili katika chama kimoja si ajabu, na ukimfuta mmoja umemfutia mtu akiba yake. Kabla ya kufuta mstari wowote, linganisha namba ya simu au namba ya kitambulisho. Jina safi halitoshi kuthibitisha kwamba watu wawili ni mmoja.